Pale 13 Inapoacha Kuwa Namba Tasa

Andika namba tasa chache kwenye karatasi: 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29. Sasa jaribu kuipata kila moja kwa kujumlisha miraba miwili, yaani namba mbili kama 1, 4, 9, 16 au 25, ambazo kila moja imetokana na namba kuzidishwa kwa yenyewe. Tano inapatikana papo hapo: 4 na 1. Kumi na tatu ni 9 na 4. Kumi na saba ni 16 na 1. Ishirini na tisa ni 25 na 4. Zilizobaki zinagoma. Ukiishika 23 na kuitoa kila mraba ulio mdogo kuliko yenyewe, 1, 4, 9 na 16, unabakiwa na 22, 19, 14 na 7, na humo hamna mraba hata mmoja.

Endelea mpaka 100, au mpaka 1,000 kama una subira, na utaona jambo lisilobadilika. Namba tasa zinazokubali ni zile ambazo ukizigawanya kwa 4 inabaki 1. Zinazogoma ni zile ambazo inabaki 3. Mbili, iliyo tasa pekee katika namba shufwa, ni 1 na 1, kwa hiyo tuiweke kando. Albert Girard, mwanahisabati aliyeishi Uholanzi, aliliona jambo hili mwaka 1625. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse aliyefanya hisabati nje ya kazi yake, alilieleza katika barua aliyomwandikia padri Marin Mersenne tarehe 25 Desemba 1640, ila hakuacha uthibitisho kamili. Leonhard Euler alihangaika nalo kwa miaka mingi na kulimaliza mwaka 1749. Njia yake ni sahihi, lakini ni ndefu, na msomaji huifuata hatua kwa hatua bila kuona kwa nini jambo lenyewe lazima liwe hivyo. Njia ninayoipenda, na ambayo ningependa kila aliyesoma hisabati ya sekondari aione walau mara moja, inatoka kwenye namba ambazo Carl Friedrich Gauss alizichapisha mwaka 1832. Yeye aliitazama 13, namba tasa tangu zamani, akaigawanya.

Tuanze na upande mwepesi, wa namba zinazogoma. Namba shufwa ikizidishwa kwa yenyewe hugawanyika kwa 4 bila baki. Namba witiri ikizidishwa kwa yenyewe hubakiza 1: 9 ni 8 na 1, 25 ni 24 na 1, 49 ni 48 na 1. Basi ukijumlisha miraba miwili, mabaki yake yanaweza kuwa 0 na 0, 0 na 1, au 1 na 1. Jumla itabakiza 0, 1 au 2. Haiwezi kubakiza 3 kamwe. Ndiyo maana 7, 11, 19 na 23 haziwezi kupatikana, hata ukizitafuta mwaka mzima.

Ila hoja hiyo haitoshi kueleza kwa nini 13 inakubali. Kubakiza 1 peke yake si tiketi. Ishirini na moja inabakiza 1 ikigawanywa kwa 4, lakini itoe 1, 4, 9 na 16 uone: 20, 17, 12 na 5, mraba hamna. Kwa hiyo utasa wa 13 una kazi yake katika jambo hili, na tunatakiwa kuonyesha ni kazi gani.

Shuleni tulifundishwa kwamba tofauti ya miraba miwili huvunjika: a² − b² ni (a − b)(a + b). Jumla ya miraba miwili, tuliambiwa, haivunjiki. Kweli haivunjiki kwa namba za kawaida. Lakini ikiwa tutaruhusu namba i, ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa −1, basi a² + b² ni (a + bi)(a − bi). Hebu zidisha 3 + 2i kwa 3 − 2i. Tatu mara tatu ni 9. Sehemu mbili za kati, −6i na +6i, zinafutana. Mwisho, 2i mara −2i ni −4i², na kwa kuwa i² ni −1, hiyo ni +4. Jumla ni 13.

Yaani 13 imegawanyika. Katika namba za kawaida vigawo vyake ni 1 na 13 tu. Kati ya namba hizi mpya ina vigawo 3 + 2i na 3 − 2i. Swali la miraba miwili limegeuka kuwa swali la kugawanyika: namba tasa ipi inaendelea kuwa tasa tukiongeza i, na ipi inaacha kuwa tasa?

Namba tunazozizungumzia zinaitwa namba kamili za Gauss. Kila moja ina umbo la a + bi, ambapo a na b ni namba kamili za kawaida, chanya, hasi au sifuri. Ukichukua daftari la hesabu lenye miraba midogo na kuchagua kona moja kuwa sifuri, kila kona ya kila mraba ni namba mojawapo kati ya hizi: a unahesabu kwenda kulia, b unahesabu kwenda juu. Ukizijumlisha, ukizitoa au ukizizidisha, unabaki humohumo kwenye kona. Ukizigawanya, mara nyingi jibu linaangukia katikati ya mraba, kama vile 7 kugawanya kwa 2 kusivyotoa namba kamili. Hapo ndipo suala la kugawanyika na kutogawanyika linapopata maana.

Tunahitaji chombo kimoja tu cha kuzipima. Kipimo cha a + bi tukiite a² + b². Kipimo cha 3 + 2i ni 13, cha 2 + i ni 5, cha i ni 1, na cha 7 ni 49. Ubora wa chombo hiki ni kwamba ukizidisha namba mbili, vipimo vyake navyo vinazidishwa. Chukua 2 + i mara 3 + 2i: ni 6 + 4i + 3i − 2, yaani 4 + 7i. Kipimo chake ni 16 na 49, jumla 65, na 65 ni 5 mara 13. Kanuni iliyo nyuma ya hesabu hii ni ya zamani kuliko i yenyewe: Brahmagupta wa India aliiandika kwa umbo pana zaidi mwaka 628.

Namba zenye kipimo 1 ziko nne: 1, −1, i na −i. Kuzidisha kwa mojawapo ya hizo kunageuza tu upande ambao namba imeelekea, kama tunavyoandika 6 kuwa −2 mara −3 bila kudai kwamba tumepata vigawo vipya. Tukisema namba imegawanyika kweli, tunamaanisha vigawo vyake vyote viwili vina kipimo kikubwa kuliko 1.

Sasa iweke 7 kwenye mizani. Kipimo chake ni 49. Ikigawanyika kweli, vipimo vya vigawo viwili vikizidishwa vitoe 49, na hakuna kilicho 1, basi kila kimoja lazima kiwe 7. Lakini kipimo ni jumla ya miraba miwili, na tumeshaona 7 haiwezi kuwa hivyo. Kwa hiyo 7 inabaki tasa hata mbele ya i. Hoja hiyohiyo inafanya kazi kinyumenyume kwa namba tasa yoyote: ikigawanyika, kigawo chake kina kipimo sawa na namba yenyewe, na kipimo hicho ndicho jumla ya miraba miwili tunayoitafuta. Basi hatuna haja ya kuitafuta miraba. Tuonyeshe tu kwamba namba tasa inayobakiza 1 ikigawanywa kwa 4 haiwezi kubaki tasa.

Kufanya hivyo kunahitaji jambo moja la awali: namba x ambayo ukiizidisha kwa yenyewe na kuongeza 1, jibu linagawanyika kwa namba tasa yetu. Kwa 13 namba hiyo ni 5, maana 25 na 1 ni 26. Je, tuna uhakika gani kwamba kila namba tasa ya aina hii ina x yake? Hapa kuna hoja ambayo inafaa kuitazama kwa karibu, na 13 inatosha kuionyesha.

Chukua namba 1 hadi 12, na kila unapozidisha, shika baki tu la kugawanya kwa 13. Karibu kila namba ina mwenzake ambaye wakizidishwa inabaki 1. Mbili na 7 ni 14, inabaki 1. Tatu na 9 ni 27, inabaki 1. Nne na 10 ni 40, inabaki 1, na 5 na 8 vivyo hivyo. Sita na 11 ni 66, inabaki 1. Wasio na wenzao ni 1 na 12 pekee. Kwa hiyo ukizizidisha zote kumi na mbili, jozi zote zinayeyuka kuwa 1, na kinachobaki ni 12, ambayo kwa mabaki ya 13 ni sawa na −1. Jambo hili halitegemei 13 peke yake: kwa namba tasa yoyote, zao la namba zote zilizo chini yake linabakiza −1. Leo linaitwa kwa jina la Mwingereza Wilson, lakini Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufanya kazi Kairo, alilitumia kutatua mafumbo ya mabaki yapata mwaka 1000.

Tazama zao hilohilo kwa namna nyingine. Kwa mabaki ya 13, namba 12 ni −1, 11 ni −2, 10 ni −3, na kuendelea mpaka 7 ambayo ni −6. Nusu ya pili ya orodha, basi, ni nusu ya kwanza iliyowekewa alama za hasi. Alama ziko sita, namba shufwa, zinafutana zote. Zao lote limekuwa zao la 1 hadi 6 likizidishwa kwa lenyewe. Na tumeshasema zao lote ni −1. Zao la 1 hadi 6 ni 720, na 720 ukiigawanya kwa 13 inabaki 5. Ndiyo ile 5 yetu: mraba wake unabakiza −1, maana yake 5² + 1 inagawanyika kwa 13.

Hapo ndipo baki la 4 linapojitokeza. Kwa namba tasa inayobakiza 1, nusu ya orodha ina namba shufwa za kufutana. Kwa 7, orodha ni 1 hadi 6, alama za hasi ni tatu, moja inabaki bila mwenzake, na hoja inakufa.

Sasa tuko tayari. Tunajua 13 inagawa 26, na 26 ni 5² + 1, ambayo katika namba za Gauss ni (5 + i)(5 − i). Je, 13 inaigawa 5 + i? Haiwezi, kwa sababu ingebidi igawe 5 na pia igawe ile 1 iliyo mbele ya i. Inaigawa 5 − i? Haiwezi kwa sababu hiyohiyo. Basi 13 imegawa zao la namba mbili bila kugawa hata moja kati ya hizo. Namba tasa haina tabia hiyo. Namba tasa ikigawa zao, lazima igawe mmojawapo wa wazidishwaji: 7 ikigawa zao la namba mbili, moja kati ya hizo ni kigawe cha 7. Namba isiyo tasa ndiyo hufanya hivyo, kama 6 inavyogawa 4 mara 9 wakati haigawi 4 wala 9. Kwa hiyo 13 si tasa tena. Imegawanyika, na kipimo cha kigawo chake ni jumla ya miraba miwili. Weka namba nyingine yoyote tasa inayobakiza 1 mahali pa 13, pamoja na x yake mahali pa 5, na hoja haibadiliki hata neno moja.

Msomaji makini atauliza swali moja, na ana haki ya kuliuliza. Nani kasema kwamba namba tasa katika namba za Gauss zina tabia ile ya namba tasa za kawaida? Tumeikopa kutoka nyumbani na kuivusha ng'ambo bila kuikagua. Uzembe huu umewahi kugharimu watu wakubwa. Tarehe 1 Machi 1847 Gabriel Lamé alisimama mbele ya Chuo cha Sayansi cha Paris akatangaza kwamba amelithibitisha lile tatizo maarufu zaidi la Fermat, kwa kuvunja namba katika ulimwengu mpana kuliko huu wa Gauss. Joseph Liouville alihoji palepale: una uhakika gani kwamba kule namba huvunjika kwa njia moja tu? Ernst Kummer alikuwa ameshaonyesha kwamba kwa jumla hazivunjiki hivyo, na kazi ya Lamé ikaanguka.

Kinachotuokoa sisi ni kugawanya kwa baki. Chukua namba mbili za Gauss na uigawanye moja kwa nyingine. Jibu linaangukia mahali fulani ndani ya mraba mmoja wa daftari. Chagua kona iliyo karibu zaidi. Hata likiangukia katikati kabisa, kona hiyo haiko mbali zaidi ya nusu upande kwenda kulia au kushoto na nusu upande kwenda juu au chini, na kipimo cha umbali huo ni robo na robo, yaani nusu. Kwa hiyo baki linalopatikana lina kipimo kisichozidi nusu ya kipimo cha kigawanyi. Ukigawanya tena kwa baki hilo, na tena, vipimo vinashuka mpaka unafika sifuri, sawasawa na ile njia ya Euklidi ya kutafuta kigawo kikubwa cha shirika. Na njia ya Euklidi daima inakiandika kigawo hicho kwa kutumia namba mbili ulizoanza nazo. Kama 13 ingekuwa tasa na haiigawi 5 + i, kigawo chao cha shirika kingekuwa 1, na tungeweza kuandika 1 kuwa kigawe cha 13 ukijumlisha kigawe cha 5 + i. Zidisha pande zote kwa 5 − i: kushoto ni 5 − i, kulia ni kigawe cha 13 kujumlisha kigawe cha 26. Kumbe 13 ingeigawa 5 − i, jambo ambalo tumeshalikataa. Pengo limezibwa.

Ili kuona kwamba ukaguzi huo haukuwa wa bure, badilisha i kwa kipeuo cha pili cha −5. Kipimo sasa ni a² + 5b². Saba inagawa 3² + 5, ambayo ni 14, kwa hiyo hoja yetu ingedai kwamba 7 ni a² + 5b². Jaribu: b ikiwa 0, a² ingekuwa 7, b ikiwa 1, a² ingekuwa 2. Haiwezekani. Kosa liko wapi? Kule vyumba vya daftari si miraba bali ni mistatili mirefu, na jibu likiangukia katikati, kipimo cha umbali wa kona ni robo kujumlisha robo tano, yaani moja na nusu. Baki linaweza kuwa kubwa kuliko kigawanyi, kwa hiyo njia ya Euklidi haina uhakika wa kufika mwisho. Kweli kule 6 ni 2 mara 3, na pia ni 1 kujumlisha kipeuo hicho mara 1 kutoa kipeuo hicho, na vigawo vyote vinne havivunjiki zaidi.

Kugawanya kwa baki hakufungi tu uthibitisho, kunakupa pia ile miraba yenyewe. Tuchukue 149, ambayo inabakiza 1 ikigawanywa kwa 4. Kutafuta x kwa kuzidisha 1 hadi 74 ni kazi ya kuchosha, lakini kuna njia fupi. Kwa namba tasa inayobakiza 5 ikigawanywa kwa 8, na 149 ni mojawapo, unatoa 1, unachukua robo, kisha unazidisha 2 mara nyingi kiasi hicho. Robo ya 148 ni 37. Kwa mabaki ya 149, 2⁹ ni 512, inabaki 65. Mraba wa 65 ni 4225, inabaki 53, hiyo ni 2¹⁸. Mraba wa 53 ni 2809, inabaki 127, hiyo ni 2³⁶. Mara mbili ni 254, inabaki 105, ambayo ni sawa na −44. Alama ya hasi haina maana kwenye mraba, basi x ni 44. Hakiki: 44² ni 1936, ongeza 1 upate 1937, nayo ni 13 mara 149.

Sasa tafuta kigawo kikubwa cha shirika cha 149 na 44 + i. Ukigawanya 149 kwa 44 + i, jibu ni kama 3.4 na sehemu ndogo sana ya i, kona ya karibu ni 3. Toa 132 + 3i kutoka 149, linabaki 17 − 3i. Gawanya 44 + i kwa 17 − 3i: jibu ni 2.5 + 0.5i kamili, katikati ya mraba, kwa hiyo kona yoyote kati ya nne inafaa. Chukua 2. Toa 34 − 6i kutoka 44 + i, linabaki 10 + 7i. Kipimo cha 10 + 7i ni 100 na 49. Umefika: 149 ni mraba wa 10 kujumlisha mraba wa 7.

Njia hii ina kipimajoto chake. Kipimo cha kila baki lazima kiwe kigawe cha 149, kwa sababu kila baki limetokana na 149 na 44 + i, ambazo vipimo vyake vyote vinagawanyika hivyo. Hapa vilikuwa 13 mara 149, kisha 2 mara 149, kisha 149 yenyewe. Ukipata kipimo kisichogawanyika, usiendelee, umekosea kutoa au kuzidisha katika hatua hiyo.

Kwa namba zisizo tasa, habari inafuata yenyewe. Kila kigawo tasa kinachobakiza 3 kinabaki kizima, hivyo hakiwezi kuingia kwenye jumla ya miraba miwili isipokuwa kwa jozi. Ishirini na moja ni 3 mara 7, kila moja mara moja tu, ndiyo maana ilitugomea. Lakini 245, ambayo ni 5 mara 7 mara 7, inakubali: 196 na 49. Vigawo tasa vinavyobakiza 1, kwa upande wao, vinakupa uchaguzi. Sitini na tano ni 5 mara 13. Ukizidisha 2 + i kwa 3 + 2i unapata 4 + 7i, na 65 ni 16 na 49. Ukizidisha 2 + i kwa 3 − 2i unapata 8 − i, na 65 ni 64 na 1. Namba tasa haina uchaguzi huo, kwa sababu inavunjika kwa njia moja tu: 13 ni 9 na 4, basi.

Euler aliutumia ukweli huu wa mwisho kama mtego. Namba 1000009 ni mraba wa 1000 kujumlisha mraba wa 3, kila mtu analiona hilo. Lakini pia ni mraba wa 972 kujumlisha mraba wa 235. Namba yenye njia mbili si tasa, na kwa namba za Gauss tunaweza kuvikamata vigawo vyake bila kuhangaika kujaribu kugawanya kwa namba moja baada ya nyingine. Toa 972 + 235i kutoka 1000 + 3i, linabaki 28 − 232i. Hiyo ni 4 mara 7 − 58i, na 4 haina uhusiano na namba witiri kama yetu, kwa hiyo itupe. Kipimo cha 7 − 58i ni 49 kujumlisha 3364, yaani 3413. Gawanya 1000 + 3i kwa 7 − 58i, jibu linatoka safi bila baki, 2 + 17i, ambayo kipimo chake ni 4 na 289, jumla 293. Na 293 mara 3413 ni 1000009.